Uzi wa wafanyabiashara: wateja wako wanakufuatia nini hasa? Tupeane uzoefu

mama_chupa
Wadau habari za muda huu. Mimi natengeneza sabuni ya maji nyumbani, napaki kwenye chupa za lita moja naenda kuuza sokoni. Siku zote mtu akiniuliza brandi yangu ni ipi namwonyesha stika, kuna kijana alinidizainia jina zuri lina ua pembeni na herufi za kujikunja, najivunia kweli. Halafu shingoni mwa chupa huwa nafunga kitambaa cha kijani, vile vibaki vya kwa fundi nguo, sababu ni kwamba vifuniko vinalegea njiani sabuni inamwagika. Basi, hakina kazi nyingine.

Sasa fundi akasafiri vitambaa vikaisha, nikapeleka mzigo nusu una kitambaa nusu hauna, sabuni ile ile, pipa lile lile. Watu wanafika wanasogeza chupa za mbele wanaingiza mkono nyuma kutafuta yenye kitambaa. Zilipoisha zenye kitambaa wakaanza kuniuliza mzigo unaingia lini, na chupa zimejaa mbele yao! Dada mmoja mteja wangu wa muda mrefu akaishika moja, akaitikisa, akaigeuza juu chini, akairudisha. Nikamwambia ni ile ile dada. Akasema "nakuamini, ila nitapita tena." Mnaijua hiyo nitapita tena ya sokoni.

Nikamwomba anieleze tu ukweli sitakasirika. Nikamuuliza ukimtuma mtoto unamwambiaje? Akasema namwambia akachukue kwa mama kitambaa, na akikuta haijafungwa asichukue. Kwa nini? "Si ndo alama kwamba haijaguswa tangu itoke kwako? Humu ndani watu wanafungua wanaongeza maji." Nikamuuliza jina la sabuni analijua? Akainamia chupa akaanza kusoma stika hapo hapo, ndo kwanza analiona.

Kumbe nilikuwa nauza dhamana bila kujua. Tupeane uzoefu, nyie wateja wenu wanafuata nini, na mligunduaje?

fundi_shati
Kwangu ni mabaki. Nashona, na kuna mafundi wazuri kunizidi mimi sikatai, lakini mteja akija kuchukua nguo yake namfungia na vipande vilivyobaki, hata kama ni kikanda. Nilikuwa nafanya hivyo kwa sababu kibanda kidogo sina pa kuviweka. Siku moja mama mmoja anamleta mwenzie nikamsikia anamwambia "huyu haibi kitambaa." Hakusema huyu anashona vizuri! Nilichukia kidogo kusema kweli, ufundi wangu wote ule.

kijana_wa_mtaji
Dada mama_chupa hongera. Naomba maelekezo ya kutengeneza sabuni, chumvi unaweka kiasi gani kwa lita ishirini?

mzee_wa_kaunta
Kijana soma mada kwanza. Ila swali lako limenisaidia, kwa hiyo nalijibu kidogo. Chumvi ndo inayofanya sabuni ya maji iwe nzito, unaiyeyusha pembeni unatia kidogo kidogo huku unakoroga, ukipitiliza inageuka inakuwa nyepesi tena. Sasa ona hapo, mteja akitikisa chupa anapima uzito, na uzito unaweza kuletwa na chumvi hata kama sabuni yenyewe ni haba. Maana yake kwa macho hawezi kujua kama imechakachuliwa. Nguo hata kwa mshono unaweza kuikagua, sabuni mpaka ufike nayo nyumbani uoshe vyombo. Kitu ambacho mnunuzi hawezi kukikagua pale pale, anatafuta kitu kingine cha kushikilia, na kwa mama_chupa kilichokuwa karibu ni kile kitambaa.

Nimekaa kaunta miaka mingi, nakwambieni kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna kinachomfanya mteja akutambue kwa mbali, na kuna anachoamini atapata akifika. Stika ya dada haikufanya hata kimoja. Kitambaa kilifanya vyote viwili, na hiyo ni bahati, si kila mtu anaipata.

Na dada umeuliza vizuri. Ungemuuliza "unaipendea nini sabuni yangu" angekujibu ni nzuri inanukia, watu wana adabu. Ulipomuuliza anamtumaje mtoto akataja mambo yenyewe, kwa sababu mtoto hatumwi kwa sifa, anatumwa kwa alama.

bi_mkorofi
Mimi napingana kidogo. Ubora ndo kila kitu, sabuni ingekuwa mbovu hicho kitambaa kingesaidia nini? Hata Coca-Cola mwaka 1985 walibadilisha ladha wakaweka mbaya, watu wakagoma, wakarudisha ya zamani.

mzee_wa_kaunta
Bi mkorofi hapo umepatia nusu. Kweli walirudisha ya zamani, ndani ya miezi mitatu hivi. Lakini ladha mpya haikuwa mbaya, waliwaonjesha watu karibu laki mbili bila kuwaambia ipi ni ipi, na wengi waliipenda ile mpya. Walichozingatia zaidi ni ulimi. Mtu atajisikiaje akiambiwa ile aliyokua nayo imeondolewa, hilo hawakulipa uzito. Ila nakubaliana na wewe kwamba kitambaa kinaishi kwa sifa ya sabuni, siku sabuni ikiwa nyepesi kitambaa kitageuka kuwa alama ya kukukimbia.

chaja_original
Mimi nauza chaja na waya za simu. Wateja wangu wanafuata kujaribishwa, nachomeka kwenye simu yako kabla hujatoa hela. Nilijua nilipopata kijana wa kunisaidia akawa haijaribishi kuokoa muda, mauzo ya siku alizokaa yeye yakawa chini na bidhaa ni zile zile.

mama_chupa
Asanteni. Sasa kuna jipya, jirani yangu wa meza ya tatu naye ameanza kufunga kitambaa cha kijani. Sabuni yake siisemi. Jana kuna mtu alikuja kunilalamikia chupa ambayo hakuinunua kwangu.

bi_mkorofi
Kasajili alama ya biashara, umshitaki.

mzee_wa_kaunta
Kusajili jina na mchoro sawa. Rangi peke yake ni ngumu kuipata, mara nyingi lazima uonyeshe kwamba umma tayari unaijua kuwa ni yako, na kesi itachukua muda wakati jirani anafunga chupa kila asubuhi. Mimi ningeacha kitambaa kibaki maana wameshakizoea, ila pale kinapofungwa ningebandika kikaratasi kilichogongwa muhuri wenye jina, ukifungua kinachanika. Hapo jina lako ndo litaanza kusomwa.

fundi_shati
Muhuri utaigwa wiki ijayo mzee wangu. Afadhali afunge mbele ya mteja. Aweke pipa pale pale sokoni, mtu aone inamiminwa na kufungwa.

mzee_wa_kaunta
Akimimina mbele ya mteja, mteja ataona kinachotoka kwenye pipa, hataona kilichoingizwa kwenye pipa. Na foleni je?

mama_chupa
Pipa siwezi kulibeba kila siku fundi. Muhuri nitajaribu kwenye mzigo wa Jumatatu, nusu nigonge nusu nisigonge, nione mikono inaenda wapi.