Orodha ya meseji za sauti ni tupu, lakini mtandao bado unazo. Nifanyeje?

Sina_Raha
Wakuu, naombeni msaada, mwenye utani aniache kwanza. Nazungumzia zile meseji za sauti ambazo mtu anakuachia usipopokea simu. Kwenye iPhone niliingia sehemu ya Voicemail nikafuta zote, orodha ikabaki nyeupe. Baadaye roho ikakataa, nikalipigia sanduku lenyewe la mtandao. Yule dada wa mashine ananiambia nina meseji 11! Nataka zitoke kote, simuni na huko kwa mtandao, zina mambo yangu binafsi. Simu nilishaireseti pia. Sasa zinatoka wapi?

Mama Mdogo
Pole mwanangu. Shikilia ule ujumbe kwa kidole, kitatokea kidude cha kufuta, chagua kufuta kwa wote. Ila uwahi, ukichelewa sana kinakataa.

Sina_Raha
Hapana mama, hiyo ni WhatsApp. Mimi nasema za kwenye laini.

Mama Mdogo
Kumbe bado kuna watu wanaacha sauti kwenye laini? Haya, subiri vijana.

Kamanda_Bonyeza
Rahisi sana hiyo. Piga hii halafu utanishukuru:

```
##002#
```

Inafuta kila kitu cha mtandao. Mimi natumia miaka yote.

Fundi Mnara
Kamanda, nusu uko sawa, nusu unampoteza mwenzio. Hiyo inaondoa uelekezaji wa simu. Maana yake kuanzia hapo asipopokea, mpigaji hapelekwi tena kwenye sanduku, kwa hiyo meseji mpya hazitaingia. Zilizokwisha kuingia haizigusi hata moja, zimekaa palepale.

Sina_Raha, sauti yenyewe inarekodiwa na kutunzwa kwenye seva ya mtandao. Ile orodha unayoiona kwenye skrini ni nakala ambayo simu imeivuta kutoka huko. Ukifuta kwenye orodha, simu inatakiwa kupeleka agizo kwa seva kwamba ile nayo ifutwe. Agizo lisipofika, seva haina habari. Nijibu mawili. Ulipofuta, data ya laini ilikuwa imewashwa? Na ulishuka mpaka chini kabisa ya orodha, ukaingia Deleted Messages, ukagusa Clear All?

Sina_Raha
Data nilizima, sikutaka simu zisumbue wakati nafuta. Hiyo Deleted Messages sikuiona. Nilifuta, nikareseti palepale.

Fundi Mnara
Basi ndiyo hapo. Kwenye iPhone ukifuta meseji inahamia kwanza Deleted Messages, na ukitaka unairudisha kwa Undelete. Haijaondoka mpaka Clear All. Wewe hukufika huko, na data ilikuwa imezimwa, kwa hiyo agizo halikutoka. Halafu ukareseti, simu ikasahau hata kwamba ilikuwa na agizo la kupeleka. Ulichofuta ni nakala ya simuni tu.

Washa data ya laini yenyewe, maana mitandao mingi haikubali kazi hii ipitie waifai. Ingia Voicemail, subiri orodha ijirudishe. Ndiyo, itarudi yote, usishtuke. Futa upya, ingia Deleted Messages, gusa Clear All, acha data iwake kidogo, kisha upige sanduku usikie linasema nini. Hilo sanduku ndilo shahidi, usiiamini skrini.

Sina_Raha
Hakuna njia ya kufanya bila simu?

Fundi Mnara
Kwa nini bila simu?

Sina_Raha
Nimeuliza tu mkuu.

Bi Swaiba
Nami nichomekee hapohapo. Simu yangu ya Android ina kile kialama cha meseji ya sauti juu ya skrini, hakitoki. Nikipiga sanduku wananiambia halina kitu. Kimenichosha, kila nikifungua simu nadhani kuna mtu kafa.

Fundi Mnara
Bi Swaiba, hicho kialama kinawashwa na kuzimwa kwa ishara kutoka mtandaoni, na ishara ya kuzima ilipotea njiani. Pigia namba yako kwa simu nyingine, usipokee, jiachie maneno mawili. Kisha ingia sanduku, sikiliza, futa. Mtandao utatuma ishara upya. Kikibaki, zima simu uiwashe.

Sina_Raha, sijakusahau. Simu iko wapi?

Sina_Raha
Sawa. Simu na laini ni vya kazini. Nimeacha kazi, nimevirudisha. Ndiyo maana nilireseti. Si kosa, mtu ana haki ya kusafisha vitu vyake kabla ya kukabidhi.

Fundi Mnara
Ungesema mwanzo tusingezunguka. Ujue sanduku linafuata namba, halifuati simu. Atakayepewa laini hiyo akiwasha orodha kwenye simu yoyote inayoikubali, seva itamshushia zote 11, na namba za walioziacha, na saa zilipoingia.

Sina_Raha
Mungu wangu. Hilo ndilo naliogopa.

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, mali ya mwajiri ni ya mwajiri, hata sauti iliyoachwa ndani yake. Sisi enzi zetu ulikuwa unakabidhi mpaka chaki iliyobaki. Ungekuwa muwazi tangu mwanzo, leo usingekuwa unahangaika usiku.

Sina_Raha
Mwalimu, sijaiba kitu. Mbili tatu ni za kampuni nyingine waliokuwa wananiita kazi. Nyingine ni za ndugu zangu. Basi.

Kamanda_Bonyeza
Kwa ndugu na kazi mpya tu ndiyo hulali? Kuna kingine humo.

Sina_Raha
Ipo moja ya mteja. Alipiga kusema anasitisha oda. Sikuiwahi, mzigo ukaenda. Sasa mteja na kampuni wanabishana, yeye anasema alitoa taarifa mapema, kampuni inasema hakuna rekodi. Mimi sijadanganya mtu, hakuna aliyeniuliza. Zikifutwa zote, na hiyo imo, ni bahati yake mbaya. Siwezi kukaa nachambua moja moja.

Mwalimu_Mstaafu
Lahaula!

Fundi Mnara
Hapo nisimame kidogo. Ukifuta hiyo, unafuta sauti tu. Kumbukumbu ya simu haikai kwenye sanduku, mtandao unayo kwingine: namba gani ilipiga, saa ngapi, ilidumu muda gani. Wakibishana mpaka kwa wanasheria itaonekana mteja alipiga, akaongea na sanduku, na meseji haipo. Swali litakalofuata ni nani alikuwa na namba ya siri ya sanduku. Sheria za nchi nyingi zinaona kufuta kitu kinachogombaniwa kuwa kosa lenyewe, mbali na ugomvi. Za ndugu zako futa, hiyo iache.

Chunusi_Baharini
Samahani wakuu, mimi hadithi hii inanikataa. Simu kairudisha na laini ndani. Sasa hizo meseji 11 alizisikiaje? Alipigaje sanduku bila laini? Nadhani huyu ni bosi, anatafuta kujua mfanyakazi wake alifuta vipi. Au ni yule mteja mwenyewe.

Kamanda_Bonyeza
Hahaha, kweli! Mtoa mada jibu.

Sina_Raha
Nilitumia simu ya dada yangu. Nilipiga namba yangu ya zamani, ile salamu ilipoanza nikabonyeza nyota, ikadai namba ya siri, nikaweka. Ndipo nikasikia.

Chunusi_Baharini
Na nani hakupokea huko kazini? Simu ingelia mezani kwa mtu. Na umeireseti, namba ya siri ilibakije?

Fundi Mnara
Chunusi, hilo la namba ya siri nitamjibia. Inakaa seva, kureseti simu hakuigusi. Na njia aliyosema ipo kweli, mitandao mingine ni nyota, mingine ni reli. La nani hakupokea, ajibu mwenyewe.

Sina_Raha
Simu imezimwa, iko kabatini, hawajampa mtu. Ikiwa imezimwa simu inaenda moja kwa moja sandukuni.

Chunusi_Baharini
Kabati unaliona ukiwa nyumbani? Haya. Tena juu uliuliza kama kuna njia bila simu, na kumbe ulishaitumia.

Sina_Raha
Niliuliza kama kuna njia ya KUFUTA. Kusikiliza nilijua.

Bi Swaiba
Mwacheni basi, mtu akiwa na hofu haelezi vizuri. Kile kialama changu kimezimika, kisha kimewaka tena!

Fundi Mnara
Bosi au si bosi, jibu ni lilelile, na bosi naye litamfaa. Kwa njia ya nyota unafuta moja moja ukiwa ndani ya sanduku. Mitandao mingi kufuta ni 7, lakini sikiliza maelekezo kwanza, kwingine namba hiyo inafanya kazi tofauti. Watu wengi wanakwama hapa: sanduku linatenga mpya na zilizohifadhiwa. Unafuta mpya, linasema hakuna meseji mpya, unafurahi, kumbe zilizowahi kusikilizwa ziko chumba cha pili. Omba mashine ikupeleke huko pia. Ukimaliza, toka kwa utaratibu wa menyu, kata simu, piga tena. Baadhi ya masanduku yanakuruhusu kurudisha uliyofuta muda wote ambao hujakata, kwa hiyo hesabu ya simu ya kwanza si ya kuaminika.

Sina_Raha
Na huduma kwa wateja hawawezi kulifuta sanduku zima? Nimesikia wanaweza kulianzisha upya.

Fundi Mnara
Wanaweza, na likianzishwa upya meseji na salamu vyote vinaondoka. Lakini wanamsikiliza mwenye laini, na mwenye laini ni kampuni. Ukiwapigia na kujifanya wewe ndiye, umeongeza tatizo la pili.

Kingine ambacho wote wawili wanaopigania hiyo sauti hawajakiona ni kwamba meseji hazikai milele. Kila mtandao una muda wake, ukiisha seva inafuta yenyewe bila kumuuliza mtu. Kama mteja anaitaka, au kampuni inaitaka, mtu aingie aitoe leo, aitunze kama faili nje ya sanduku. Kwenye iPhone kuna kitufe cha kushiriki hapohapo kwenye meseji.

Sina_Raha
Nimeingia tena kwa simu ya dada. Mpya zilikuwa 4, zilizohifadhiwa 7, kama ulivyosema. Nimefuta 10. Nimekata, nimepiga tena, inasema moja.

Mwalimu_Mstaafu
Hiyo moja utawaambia kazini kwamba ipo?

Sina_Raha
Nimeiacha, si inatosha? Sikuajiriwa tena kuwatafutia.

Chunusi_Baharini
Mimi bado sijaamini. 4 na 7, zimetoka sawasawa mno.

Kamanda_Bonyeza
Fundi, mimi nimepiga ile ##002# yangu miaka yote. Kwa hiyo sandukuni kwangu kunaweza kuwa na nini sasa hivi?

Fundi Mnara
Piga usikie.

Bi Swaiba
Fundi, kialama kimewaka mara ya tatu. Na nimejiachia meseji mpaka sauti imekauka.

Fundi Mnara
Ingia mipangilio ya simu, kwenye programu ya simu yenyewe, ufute hifadhi yake, kisha uwashe upya. Jina la mtandao wako na aina ya simu nitumie kwa faragha, usiviweke hapa.