Mrejesho: Pivoti za Kisumu na Nakuru kutofanana

Niliuliza: "Niko Kisumu, nafanya skalping ya bitcoin. Mbona pivoti zangu hazilingani na za jamaa yangu wa Nakuru?"

Wakuu, asanteni. Tatizo lilikuwa saa ya kufunga siku. Kripto hailali, na chati nyingi hufunga siku saa 00:00 UTC, yaani saa tisa usiku kwetu. Jamaa hukokotoa kwa mkono, akikata siku saa sita usiku. Juzi kilele kilikuwa 64,000, chini 62,000 kwa sote. Yeye alifunga 63,000, mimi 63,600.

```
P  = (H + L + C) / 3 = 63,200
R1 = 2P - L = 64,400
S1 = 2P - H = 62,400
```

Yake P ni 63,000. Dola 200 kwa skalpa si mchezo! Sasa sote tunatumia UTC.

Kilele cha kikao cha Asia kilikuwa 63,320, karibu na P. Bei ilikipita kwa utambi tu, mshumaa wa dakika tano ukafunga chini yake. Kuuza hapo kulivutia, lakini kushuka hadi P ni dola 120, na ada ya asilimia 0.1 kila upande inakula kama 126. Nikaiacha.