Mrejesho: Hadithi ya mtoto wa daftari

Niliuliza: "Naandika hadithi fupi ya mtoto mwenye umbo dogo aliyeachwa kwenye timu ya shule. Atakuwaje wa thamani bila kuingizwa dakika za mwisho na kufunga bao?"

Wakuu, hadithi imekamilika. Nimechukua wazo mlilonipa, mtoto awe na daftari la penalti. Juma anaokota mipira nyuma ya goli. Kila timu pinzani ikipiga penalti, anachora mstatili wa goli, anaweka alama mpira ulikoenda na mguu uliopiga.

Fainali inaisha sare. Anamnong'oneza kipa: "Namba saba hupiga kushoto kwako. Kumi akianzia mbali, hupiga katikati."

Kipa anabakiza mguu mmoja kwenye mstari, kama sheria inavyotaka, anaruka kushoto, anapangua. Ya namba kumi inaingia pembeni kabisa! Hiyo nimeiweka makusudi: daftari la mechi chache linakisia tu, na mpigaji hubadilika. Wanashinda 4-3.

Aliyependekeza nimwite Kifupi, hapana mkuu. Msimu unaofuata mwalimu anapanga safari, basi lina nafasi chache, na jina la Juma analiandika kabla ya washambuliaji wa akiba.