Naomba ushauri: starta inagonga ta-ta-ta na taa za dashibodi zinafifia

Habari zenu wakuu. Nikizungusha ufunguo, starta hugonga ta-ta-ta kwa haraka na taa za dashibodi hufifia. Betri ikiwa imetulia husoma volti 12.5, lakini wakati wa kuwasha hushuka hadi 7, na kwa kuwa nimepima kwenye vichwa vya betri vyenyewe, kisha kwenye vibano vya nyaya, nikapata kipimo kilekile, nadhani terminali hazina kosa (nilikwishazisugua na kuzikaza). Nilipounganisha betri ya gari jingine, injini iliwaka mara moja. Fundi anasisitiza tubadilishe starta. Mimi naona starta mbovu kwa kawaida ingegonga mara moja tu huku taa zikibaki angavu, isipokuwa kama imekwama na inavuta umeme mwingi. Je, betri ipimwe kwanza ikiwa na mzigo kabla ya kufungua starta?