Mrejesho: masharti ya mkopo wa simu niliyoyabandika hapa

Niliuliza: "Wakuu, haya ndiyo masharti ya aplikesheni ya mkopo. Nikubali au niache?"

Asanteni sana wote. Sikuchukua mkopo, ingawa akaunti nilikuwa nimeshafungua.

Kilichonisaidia zaidi ni ushauri wa kutosoma kuanzia juu, bali kutafuta "ada", "makato", "washirika" na "kusitisha". Kwenye gharama, riba waliyotangaza ilikuwa sifuri, ila kifungu cha ada kinasema 15% inakatwa mwanzoni. Ukiomba 100,000 unapokea 85,000, na baada ya siku 14 unarudisha 100,000 kamili. Yaani unalipa 15,000 kwa kutumia 85,000, karibu 18% ndani ya wiki mbili. Ukichelewa, adhabu inahesabiwa kwa siku.

Kifungu cha taarifa binafsi ndicho kilichonikasirisha: wanasoma majina yote kwenye simu na wanaweza kuwapigia watu hao ukichelewa. Ndugu zangu hawakuomba mkopo wowote!

Kwenye kujitoa, kufuta aplikesheni hakufungi akaunti, lazima uwaandikie. Niliondoa ruhusa ya majina kwenye mipangilio ya simu, kisha nikawaandikia wafunge akaunti na kufuta taarifa zangu, nikitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Akaunti wameifunga. Kuhusu majina yaliyokwisha kunakiliwa hawajajibu, na kuondoa ruhusa hakuyarudishi. Barua pepe zote nimezitunza. Wakiendelea kunyamaza, napeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Pesa nimekopa kwenye kikoba chetu.