LDL yangu ni 7.1 ilhali mimi ni mwembamba: naombeni ushauri

Njiapanda: Wakuu, nina miaka 36, sivuti sigara na ninakimbia kila asubuhi. Kipimo cha mafuta ya damu kimeonyesha LDL, ile kolesteroli mbaya, ya 7.1 mmol/L, na daktari ameniandikia statini, dawa za kupunguza kolesteroli, nizimeze maisha yangu yote. Ninafikiria kujaribu kwanza kubadilisha chakula kwa mwaka mmoja. Mnasemaje?

Mzee Busara: Mwanangu, maradhi haya tunajiletea wenyewe kwa vyakula vya kukaanga. Punguza mafuta, utapona.

Tabibu: Katika familia yenu, nani alipata ugonjwa wa moyo mapema? Na ukiibana kwa vidole kano ya nyuma ya kisigino, ikoje?

Njiapanda: Baba alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 42, lakini alikuwa mvutaji, ndiyo maana sikumtaja. Kano zangu ni nene na zina vinundu vigumu visivyouma, ambavyo nilidhani vimetokana na viatu.

Mama Wawili: Mimi statini ziliniletea maumivu ya misuli nikaziacha. Baadaye nilibadilishiwa aina nyingine, na hiyo naivumilia.

Mashaka: Kila swali likiulizwa, jibu lake linazuka papo hapo, naona tunatungiwa hadithi. Hata tezi ya shingo ikilegea, LDL hupanda. Mbona hilo hulisemi?

Njiapanda: Tezi ilipimwa, iko sawa. Sikusema yote kwa sababu nina binti wa miaka 9, na sitaki aanze kuitwa mgonjwa akiwa mdogo hivyo.

Tabibu: Hapo ndipo penye uzito. LDL ya kiwango hicho, pamoja na vinundu vya kano na kifo cha mapema cha baba, vinaelekeza kwenye kolesteroli ya kurithi, ambayo ini hushindwa kuiondoa LDL kwenye damu tangu mtu anapozaliwa. Wembamba haukukingi, na chakula pekee kitapunguza sehemu ndogo tu. Statini yenye nguvu inaweza kuipunguza takribani nusu, nawe ukabaki karibu na 3.5, hivyo huenda ukaongezewa dawa ya pili.

Binti yako ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi, na kipimo chake ni damu kidogo tu, wala si lazima afunge kula. Watoto wa Uholanzi walioanza statini mapema walifuatiliwa kwa miaka 20: kufikia umri wa miaka 39, mmoja tu katika kila 100 alikuwa amepata tatizo la moyo au mishipa, ilhali kwa wazazi wao wenye hali hiyo walikuwa 26 katika kila 100 kufikia umri huohuo.

Mzee Busara: Hata hivyo, dawa kwa mtoto wa miaka 9 inanitia hofu.

Njiapanda: Nitampeleka akapimwe. Zangu bado ninazifikiria. Ila nina kaka wa miaka 40 ambaye hatusemezani.

Mama Wawili: Mtumie picha ya majibu yako, na umri aliofariki baba yenu.