Nimepita mchujo wa uuguzi, nimeitwa mahojiano. Nasomaje sasa?

Mkunga_Majengo: Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, nina diploma ya uuguzi na ukunga. Kwa mchujo nilisoma kwa kupiga maswali ya kuchagua. Nikiyarudia sasa naona nayajua, ila mwenzangu kaniuliza kwa mdomo: "Mama katoka kujifungua, damu inamwagika, utafanyaje?" Nikaanza na oksitosini, nikarudi kwenye presha, nikapotea. Nibadilishe nini?

Chalii wa Ngarenaro: Mahojiano ni kujiamini tu. Vaa vizuri, beba vyeti orijino, kariri dira na dhamira ya taasisi. Fani ulishamaliza kwenye mchujo, hawarudii.

Mama Wodi ya Wazazi: Vyeti sawa, bila hivyo unaweza kuishia mlangoni. La fani sikubaliani nalo. Mwanangu, kwenye karatasi jibu ulilionyeshwa, ukalitambua tu. Mezani hakuna a, b, c. Funika daftari, useme.

Chukua hilohilo la damu. Kwanza ita msaada, maana mikono miwili haitoshi. Kanda mfuko wa uzazi huku mwenzako anampa oksitosini yuniti 10 kwenye msuli. Weka kanula kubwa mbili, chukua damu ya kupima kundi, anza dripu. Pima presha na mapigo, toa mkojo, kwa sababu kibofu kikijaa mfuko haukazi vizuri. Kondo limetoka lote? Kuna mchaniko? Asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa, mapema, ndani ya saa 3 tangu ajifungue.

Halafu kila hatua jiulize "kwa nini", maana swali la pili hutoka hapo. Watakwambia: mfuko umekaza kama mpira, damu bado inatoka. Aliyekariri atataja oksitosini tena. Aliyeelewa atatafuta mchaniko. Jirekodi kwenye simu. Ukijisikia unasema "halafu pia, nimesahau", hapo ndipo pa kurudia kesho, usianze sura ya kwanza.

Mhasibu_AR: Jamani majibu ya mchujo wa uhasibu yanatoka lini? Nipo Arusha nasubiri hadi nachoka.

Chalii wa Ngarenaro: Mkuu, huu uzi wa wauguzi. Ingia akaunti yako ya Ajira Portal.

Mkunga_Majengo: Asante mama. Nimejirekodi, nimesahau kuita msaada! Na je, nijibu Kiswahili au Kiingereza?

Mama Wodi ya Wazazi: Waulize ukiingia. Wakikuruhusu, tumia ile unayoongelea wodini.

Chalii wa Ngarenaro: Mimi ningekomaa na Kiingereza. Wanakupima na hapo.

Mama Wodi ya Wazazi: Ukikwama katikati ya hatua kwa kutafuta neno, watajuaje kama hujui neno au hujui kazi? Fanyia mazoezi zote mbili, swali hilohilo.